MC au mwanzo wa nyumba ya kumi, kazi unaisoma wapi?

Jamani wa Dodoma, kwenye chati ya nyota ya kuzaliwa hivi vitu viwili watu wanavichanganya sana. MC ni pale njia ya jua inapokata meridiani ya ulipozaliwa, inatoka kwenye saa ya nyota ya hapo (LST) basi, latitudo haihusiki. Mwanzo wa nyumba ya kumi unategemea mfumo wa kugawa nyumba: ukiweka Placidus ni digrii ileile ya MC, ila ukiweka Whole Sign unahesabu alama kumi kuanzia ile inayochomoza.

Chukua mtu wa Dodoma mwenye LST 4:00. MC yake ni Mapacha digrii 2, kinachochomoza ni Simba 26, kwa hiyo Whole Sign nyumba ya kumi ni Ng'ombe yote na MC imeangukia ya kumi na moja! Ng'ombe ni ya Zuhura, Mapacha ya Utaridi. Mi hapo kazi ya kila siku naisoma kwa Zuhura, jina analojulikana nalo mtaani naliangalia kwa Utaridi.

Ila muda uwe wa uhakika, maana akiwa kazaliwa dakika kumi tu kabla, MC inarudi Ng'ombe, na saa 2 asubuhi andika 08:00 sio 02:00 tafadhali.