Kamusi au Mkusanyiko wa Hadithi: Kipi Kitangulie?

Mfasiri wa Unguja au Pemba anayeanza kuleta hadithi fupi za Kiingereza katika Kiswahili, na ambaye fedha zake zinatosha kitabu kimoja tu, kwa kawaida hukimbilia Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya TUKI, iliyotoka mwaka 1996. Mimi ningemshauri aanze na *Si Shetani Si Wazimu*, hadithi fupi za Said Ahmed Mohamed, mzaliwa wa Pemba.

Kamusi humpa maneno, lakini haimpi mwendo wa masimulizi. Tuchukue sentensi ya Kiingereza yenye vitenzi vitatu, vyote katika wakati uliopita: mwanamke anafungua dirisha, anaiona ngalawa, anamwita mwanawe. Anayetegemea kamusi peke yake huandika, "Alifungua dirisha, aliiona ngalawa, alimwita mwanawe." Hakuna kosa la sarufi hapo, ila matukio yamesimama mbalimbali kama orodha. Aliyezoea kusoma hadithi zetu ataandika, "Alifungua dirisha, akaiona ngalawa, akamwita mwanawe," kwa kuwa -ka- hufungamanisha tendo na lililolitangulia. Dalili ya tatizo ni rahisi kuiona: ukurasa mzima wa rasimu umejaa -li-.

Kamusi, kwa upande wake, haina mbadala pale hadithi inapotaja theluji, mimea au vyombo vya ughaibuni, mambo ambayo mkusanyiko wa hadithi za visiwani hauwezi kumsaidia. Hayo, hata hivyo, anaweza kuyatafuta maktaba siku moja, ilhali sikio la masimulizi hulelewa kwa kurudia kusoma, na kitabu cha kurudiwa kinafaa kiwe chake mwenyewe.