Maiki mbili za kola, simu moja: uzoefu wangu Kibirizi

Seti nilinunua shilingi 65,000: maiki mbili ndogo za kubana kwenye kola, na kipokezi kimoja kinachochomekwa kwenye tundu la chaji la simu. Nilitaka kumrekodi mzee mmoja pale Kibirizi, Kigoma, aliyevua dagaa tangu ujana wake. Sauti yake ni ya chini, yangu ya kupasua, kwa hiyo nilihitaji kila mmoja awe na mkondo wake ili nimpandishe yeye na kujishusha mimi.

Siku ya kwanza niliharibu. Nilipofungua faili kwenye kompyuta niliona mistari miwili, kushoto na kulia, nikafurahi bure. Ilifanana kama pacha, kila mwinuko. Kipokezi kilikuwa kwenye mono, yaani kilishazikoroga maiki zote mbili kabla sauti haijafika kwenye simu. Uji uliokwishatiwa sukari utaichujaje?

Kumbe kipokezi changu kina kitufe: ukikishikilia, kinahamia stirio, maiki ya kwanza inakwenda kushoto na ya pili kulia. Hata hivyo, programu ya kurekodi iliyokuja na simu yangu huzikoroga tena pande zote mbili kuwa mono, hata kama faili linaonyesha mistari miwili, ikabidi nipakue nyingine inayoniachia kuchagua stirio na faili la aina ya WAV.

Safari ya pili nilijaribu kwanza. Nikagonga maiki ya mzee kwa kidole mara tatu, kisha yangu mara moja.

“Sasa mjukuu wangu, mbona unanigonga kifua?”

“Samahani babu, naangalia kama inasikia.”

Nikasikiliza kwa spika za masikioni: tatu sikio la kulia, moja kushoto. Hapo nikaweka simu hali ya ndege, maana simu ikiingia inaweza kukata rekodi, tukaanza.

Nyumbani nilitumia Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti kwenye kompyuta. Kwenye menyu ya mkondo chagua `Split Stereo to Mono`, ukichagua `Split Stereo Track` mzee atabaki sikio moja na wewe jingine. Nikampandisha mzee desibeli 6. Papo hapo nami nikapanda, kwa sababu maiki yake ilinisikia pia, tulikaa karibu mno. Sauti yangu ikawa kama ya mtu aliye ndani ya pipa. Dawa yake: anapoongea mmoja, mkondo wa mwenzake unyamazishe kwa `Silence Audio`. Usikate kipande kwa `Delete`! Mimi nilikata sekunde 4 za “eeh, eeh” zangu, na kuanzia hapo maswali yangu yote yakawa yanawahi kwa sekunde 4, namuuliza mzee kabla hajamaliza.

Mahali tulipocheka pamoja pamenishinda, nimepaacha kama palivyo. Na upepo wa ziwa unapita hata kwenye kile kisponji walichoweka kwenye boksi. Mara nyingine tutakaa nyuma ya nyumba.