Uzoefu wangu na levenshtein() ya PostgreSQL: Huseni, Hussein, na elfu thelathini za Salum

Saccos yetu ina wanachama zaidi ya elfu mbili, na stakabadhi za michango zinaandikwa kwa mkono. Mimi ndiye ninayeziingiza kwenye kompyuta jioni. Mwanachama ni Hussein kwenye daftari, stakabadhi inasema Huseni, mfumo unanijibu hayupo. Miaka miwili nimekuwa nikitafuta kwa macho. Mwaka huu nikaamua kutumia nyongeza ya PostgreSQL inayoitwa fuzzystrmatch, ambayo inakuja na hifadhidata yenyewe na haina malipo. Unaiwasha mara moja tu:

```sql
CREATE EXTENSION fuzzystrmatch;
SELECT levenshtein('Huseni', 'Hussein');
```

Jibu ni 3. Hesabu hii, iliyobeba jina la Mrusi Vladimir Levenshtein aliyeieleza mwaka 1965, inatafuta umbali, yaani idadi ndogo kabisa ya marekebisho yanayogeuza neno moja kuwa jingine: kuongeza herufi, kufuta herufi, au kubadilisha herufi moja kwa nyingine. Hapo inaongezwa s moja, halafu "ni" ya mwisho inageuzwa kuwa "in" kwa marekebisho mawili. Kuzipindua herufi mbili zilizo jirani, kosa la kidole la kila siku, hapa kunahesabiwa marekebisho mawili. Mimi ningependa liwe moja.

Siku ya kwanza ilinitoa jasho kwa kitu kidogo: herufi kubwa na ndogo kwake ni herufi tofauti. "Rashid" na "rashidi" nilipata 2 badala ya 1. Kwa hiyo kila kitu kipite kwanza kwenye lower(), inayogeuza herufi zote kuwa ndogo. Kisha nikagundua kwamba tatizo la majina yetu siyo vidole bali tahajia. Mohamed na Muhammad ni jina lilelile, lakini umbali wake ni 3. Halima na Salima ni watu wawili kabisa, na umbali wake ni 1! Kompyuta inahesabu herufi, haijui majina.

Dawa niliyoipata ni kuyasawazisha majina kabla ya kuyapima, kwa kuunganisha herufi zinazojirudia. Mohamed na Muhammad wanashuka hadi 2, Huseni na Hussein vilevile. Kiini cha ninachotumia sasa ni hiki:

```sql
SELECT jina,
  levenshtein(
    regexp_replace(lower(jina), '(.)\1', '\1', 'g'),
    regexp_replace(lower('Huseni'), '(.)\1', '\1', 'g')
  ) AS umbali
FROM wanachama
ORDER BY umbali LIMIT 5;
```

Safu ya jina ina jina la kwanza peke yake. La baba na la ukoo nimeyatenga. Ukipima jina zima, "Juma Hassan" na "Hassan Juma" wanaonekana kama hawajuani. Jina la herufi tano au pungufu nalikubalia umbali wa 1, la sita na kuendelea 2. Ukiruhusu 2 kwa jina kama Ali, nusu ya daftari inajitokeza.

Sasa kosa langu. Mwanzoni niliandika LIMIT 1, yaani mfumo uchague wenyewe na kupeleka fedha. Ikaja stakabadhi ya "Salm", elfu thelathini. Saccos ina Salum na ina Salim, baba mmoja, ukoo mmoja. Kutoka Salm kwenda kwa yeyote kati yao ni kuongeza herufi moja, kwa hiyo wote wawili wana 1. Umbali ukilingana, PostgreSQL haina ahadi ya nani atatangulia. Alitangulia Salim. Salum alikuja dirishani wiki mbili baadaye na stakabadhi yake mkononi, na nikawa sina la kumjibu, kwa sababu kwenye skrini kila kitu kilionekana sawa.

Tangu hapo mfumo unapendekeza tu. Unaniletea majina matano, kila moja na namba ya uanachama na mtaa, nami nachagua. Wawili wakifungana kwa umbali, mstari unageuka mwekundu na stakabadhi inasubiri mwenyewe apigiwe simu.

Kasi haijanisumbua, ingawa kwa kila jina hesabu inapita daftari zima na faharasa ya kawaida haiisaidii. Mwenye mamilioni ya majina aanze kuchuja kwa pg_trgm, nyongeza nyingine inayolinganisha maneno kwa vipande vya herufi tatu tatu na ambayo inakubali faharasa, kisha apime umbali kwa wachache waliobaki.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano naizuia kwa sababu gharama za marekebisho zinawekwa kwa kuongeza, kufuta na kubadilisha kwa jumla, si kwa herufi. Ningetaka kuiambia kwamba r na l kwetu ni majirani, maana Rukia wangu mmoja kila mwezi anaandikwa Lukia.