Sifuri iliyomdanganya mjomba: naichambua faili ya kuandikia presha na sukari

Karibuni tena, mimi niko hapahapa Busia, upande wa Uganda. Leo sina simu mpya wala redio ya sola. Nina faili ya bure ya jedwali, ile mliyotumiana sana kwenye simu, ya kuandika presha na sukari za nyumbani. Unajaza vipimo, yenyewe inatoa wastani wa wiki na kuchora grafu ya kumwonyesha daktari. Nimeitumia mwezi mzima kwa vipimo vya mjomba wangu, dereva wa lori aliyestaafu.

Tazameni wiki yake ya pili. Sukari ya asubuhi, kabla hajala chochote, alipima siku tano: 8.2, 7.6, 9.0, 8.4 na 8.8. Siku mbili vijiti vya kupimia vilikuwa vimemwishia, naye mtu wa utaratibu hapendi kuacha nafasi wazi, akaandika 0. Faili ikatuletea wastani wa 6.0. Mjomba akafurahi: "Mpwa wangu, dawa imekubali!"

Haikuwa imekubali. Jumla ya vipimo vile ni 42. Ukigawa kwa 5 unapata 8.4, lakini faili iligawa kwa 7 kwa sababu ilihesabu sifuri kama vipimo. Watu wazima wengi wenye kisukari hulengeshwa kati ya 4.4 na 7.2 kabla ya kula, ingawa daktari wako anaweza kukupangia lengo lako. Kwa hiyo 6.0 ingempeleka mjomba kliniki akitabasamu, na 8.4 inamfanya daktari aulize maswali. Hata kwenye grafu utaiona: mstari unaanguka mpaka chini kabisa, kisha unapanda ghafla. Mtu mwenye sukari sifuri hakai akiandika daftari, jamani.

Dawa yake ni ndogo. Siku usiyopima, acha seli tupu. Mimi niliongeza na kinga kwenye fomula. Hapa tarehe ziko safu ya A, sukari ya asubuhi safu ya E, na H2 ni Jumatatu inayoanza wiki:

```
=AVERAGEIFS(E:E,A:A,">="&H2,A:A,"<"&H2+7,E:E,">0")
```

Kile kipande cha mwisho ndicho kinachofukuza sifuri. Na angalia namba zenyewe: ukiandika 8,4 kwa mkato badala ya nukta, jedwali linaweza kuichukua kama maneno na kuiruka kimyakimya. Utaitambua kwa sababu maneno huegemea kushoto mwa seli, namba huegemea kulia.

Kwenye presha, faili inakokotoa sawa ila inachanganya. Mjomba anapima asubuhi kabla ya dawa, na jioni, mara mbili kila wakati, akipumzika dakika moja katikati. Wiki hiyo wastani wote ulikuwa 138 kwa 85. Nyumbani, kuanzia 135 kwa 85 ndipo presha huhesabiwa kuwa juu, kwa hiyo ukisoma hivyo utasema amepita kidogo tu. Nikatenganisha: asubuhi 150 kwa 92, jioni 126 kwa 78. Hizo ni habari mbili tofauti! Tulipompelekea daktari karatasi yenye mistari miwili, swali lake la kwanza lilikuwa, "Mzee, dawa unameza saa ngapi?" Mstari mmoja usingemfikisha kwenye swali hilo. Saa za dawa alizibadilisha yeye daktari, si mimi na jedwali langu.

Sukari nayo vivyo hivyo: ya kabla ya kula iwe na safu yake, na ile ya saa mbili baada ya matoke iwe na yake. Kama kuna mashine mbili nyumbani, hakikisheni zinasoma kipimo kimoja. Moja ikisoma mmol/L na nyingine mg/dL, ile ya pili igawe kwa 18 kabla ya kuandika. La sivyo 126, ambayo ni 7.0 tu, itasimama kwenye grafu kama mnara wa simu.

Grafu yenyewe ni nzuri, na inaingia ukurasa mmoja. Nimeichapisha dukani kwa shilingi 500. Rangi zinazofanana ndizo zinazoniudhi, maana kwenye karatasi nyeusi na nyeupe namba ya juu na ya chini hazitofautiani. Badilisheni mstari mmoja uwe wa nukta.

Na wastani wa wiki usingojwe siku mashine inaposoma 180 kwa 120 huku kifua kinabana, pumzi inakata au mdomo unakwenda upande. Hapo ni kituo cha afya mara moja.

Naipa tatu kwa tano kama ilivyo, nne ukishairekebisha. Mjomba mwenyewe bado anaandika kwenye daftari lake la mkononi, mimi naingiza kila Jumapili. Siku asiyopima sasa anachora mstari, na pembeni anaandika: "vijiti vimekwisha."