Taroti kama kianzio cha mazungumzo na mwenzangu: uzoefu wangu

Sikununua pakiti hii ya taroti, karata za picha ambazo wengi huzitumia kutabiri, kwa ajili ya kubashiri. Mimi na mume wangu tulikuwa tumefika mahali ambapo tukigusa jambo zito, yeye ananyamaza na mimi napandisha sauti. Nilitaka kuwe na kitu mezani cha kutazama sote wawili kabla hatujaanza kulaumiana.

Karata ziko 78, kwa mtindo wa Rider-Waite-Smith, uliotoka mara ya kwanza mwaka 1909 ukiwa na michoro ya Pamela Colman Smith. Kwa kazi hii, mtindo ni jambo la kwanza la kuangalia kabla hujalipa. Humu hata karata za namba zina watu wanaofanya jambo fulani: mmoja kainama chini ya mzigo wa fimbo, mwingine kafungwa kitambaa machoni. Katika taroti ya Marseille, ambayo ni mtindo wa zamani zaidi, karata ya Vikombe Vinne ni vikombe vinne tu vilivyopangwa, na asiyejifunza maana zake hana pa kuanzia. Mume wangu hajui taroti hata kidogo, lakini anaweza kunieleza anachokiona kwenye picha.

Mpangilio wetu wa karata mezani una nafasi nne, kila moja na swali lake. Ya kwanza ni jambo ninalotaka kukuambia na silisemi. Ya pili ni ninachokisikia unapozungumza nami. Hizo kila mtu huvuta zake. Ya tatu ni kinachotukwamisha, na ya nne ni hatua ndogo ya wiki hii. Hizi ni za pamoja. Karata inapofunuliwa, aliyeivuta anaeleza kwanza picha yenyewe, kisha anajibu swali la nafasi hiyo kwa habari zake mwenyewe. Mwenzake hajibu. Anaruhusiwa kuuliza tu, "Wewe unaona nini hapo?"

Jioni moja mume wangu alivuta Vikombe Vinne kwenye nafasi ya pili. Kijana amekaa chini ya mti, kakunja mikono. Vikombe vitatu viko mbele yake, na mkono unatokea kwenye wingu ukimpa cha nne. Mimi moyoni nilishaona mtu asiye na shukrani. Yeye akasema, "Huyu amechoka. Ana vitatu hajavimaliza, anaongezewa kingine, na hakuna aliyemuuliza kama ana kiu." Nikauliza anaona nini zaidi. Akasema nikimpa ushauri juu ya kazi yake, anachokisikia ni kwamba hata hilo hajaliweza. Tumeishi pamoja miaka mingi na sikuwahi kulisikia hilo kutoka kwake. Ningemuuliza ana kwa ana kwa nini hanisikilizi, angejitetea. Kwa kuwa alikuwa anamzungumzia yule kijana, alipata njia ya kujizungumzia.

Nafasi ya nne ikaleta Panga Tatu, ule moyo uliochomwa kwa panga huku mvua ikinyesha. Kijitabu kilichomo kwenye boksi kinataja huzuni na kuachana, naye akashtuka. Hapa ndipo zoezi huharibika, maana karata inageuzwa kuwa hukumu, au mtu anataka ivutwe nyingine mpaka itoke nzuri. Tulirudi kwenye swali la nafasi: hatua ndogo ni ipi? Alisema atanieleza panapouma mapema, kabla hajanyamaza. Mimi nikakubali kumuuliza kwanza kama anataka ushauri au anataka nimsikilize tu.

Kijitabu ndicho ninachokilalamikia zaidi. Kimeandikwa kwa lugha ya kukata shauri, na baadhi ya mipangilio iliyopendekezwa ina nafasi kama "mwenzako anafikiri nini juu yako". Nafasi hiyo iondoe kabisa. Mwenzako yupo mbele yako, na ukimjibia kwa karata unamnyang'anya zamu yake. Karata zilizotoka kichwa chini tunazigeuza zikae wima, kwa sababu kwetu picha ndiyo inayofanya kazi.

Dalili ya kwamba tumepotoka huwa naitambua kwa neno moja. Mmoja wetu akianza kusema "unaona, hii ni wewe", karata imeshakuwa fimbo ya kumchapia mwenzake, na siku hiyo tunazifunga. Tukiwa tumeshagombana vilevile hatuzitoi, maana mwenye hasira huona kosa la mwenzake katika kila picha.

Ningeipendekeza pakiti hii kwa wawili wanaotaka kuzungumza ila hawajui waanzie wapi. Kama mmoja anamwogopa mwenzake, asiitumie kabisa: atakachokisema wazi mezani kinaweza kugeuzwa silaha dhidi yake baadaye, na huyo anahitaji kwanza mtu wa nje anayemwamini.