Kufuta mahali na alama za simu kwenye video kabla ya kuirusha: kipi uchukue, kipi usilipie

Dada mmoja ninayemfahamu hununua dagaa Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, anawaanika upya na kuwafungasha nyumbani kwake Nyegezi, kisha anauza kwa watu wa Dodoma na Dar. Alipiga video ya dagaa wakiwa wametandazwa uani, akaituma kwenye kundi la wateja kama dokumenti ili isipoteze ung'avu. Jumamosi iliyofuata mwanamume asiyemjua akabisha geti. Alikuwa mstaarabu, akasalimia vizuri, akasema anataka gunia mbili. Alipoulizwa nani kamwelekeza, akajibu, "Hakuna, mama. Video yako ndiyo iliyonileta."

Alisema kweli. Simu inaporekodi video huku kamera imeruhusiwa kusoma mahali, huandika latitudo na longitudo ndani ya faili, nje ya picha na sauti. Huandika pia saa ya kurekodi, mara nyingi toleo la mfumo, na kwenye simu nyingi kampuni na modeli ya simu. Hayo ndiyo metadata. Ukitazama video huyaoni, ila aliye na faili lenyewe anayasoma kwa dakika moja.

Baada ya mkasa ule aliniuliza anunue aplikesheni gani ya kuyafuta. Nimejaribu zilizopo kwenye faili zangu mwenyewe, na huu ndio mpangilio wangu kuanzia inayofaa zaidi. Niseme mapema kwamba tatu za kwanza hazikugharimu chochote zaidi ya bando.

Ya kwanza: ffmpeg

Hii ni programu huria ya kushughulikia video. Haina vitufe, unaiandikia amri, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Lakini amri ni moja tu. Inafanya kazi kwenye kompyuta, na kwenye simu ya Android ndani ya Termux, aplikesheni inayokuwezesha kuandika amri kwenye simu. Kwa kuwa wauzaji wengi wa hapa hawana kompyuta, nitaonyesha ya kwenye simu, kwa video ile ile ya dagaa. Namba za mahali nimebadilisha nikaweka za mji wa Mwanza kwa ujumla, nyumba ya mtu isianikwe mara ya pili.

Kwanza unaipa Termux ruhusa ya kuona mafaili, unapakua programu, unaingia kwenye folda ya kamera na kusoma kilichomo:

```
termux-setup-storage
pkg install ffmpeg
cd ~/storage/dcim/Camera
ffprobe -hide_banner VID_20250614_091233.mp4
```

Yanatoka maandishi mengi. Tafuta mistari kama hii:

```
creation_time   : 2025-06-14T06:12:41.000000Z
location        : -02.5167+032.9000/
com.android.version: 13
```

Alama ya kutoa maana yake ni kusini mwa ikweta, ya kujumlisha ni mashariki. Ukiziweka namba hizo kwenye ramani zinakupeleka mahali. Desimali nne si mchezo: kwetu hapa karibu na ikweta, tarakimu ya mwisho ni kama mita 11. Umbali huo unatosha kuonyesha geti lipi katika safu ya mageti. Saa imeandikwa kwa majira ya dunia, kwa hiyo 06:12 ongeza masaa matatu, unapata saa tatu na dakika 12 asubuhi. Mtu anajua ulikuwa uani saa ngapi. Kwenye Aifoni mara nyingi utakuta na namba ya tatu, ambayo ni mwinuko kutoka usawa wa bahari. Video ya ufukweni mwa ziwa itasoma mita 1,130 na ushee.

Sasa kufuta:

```
ffmpeg -i VID_20250614_091233.mp4 -map 0:v:0 -map 0:a:0 -map_metadata -1 -c copy ~/storage/downloads/dagaa.mp4
```

Tuisome kidogo kidogo, maana anayeielewa hataikosea. `-map 0:v:0` na `-map 0:a:0` zinasema chukua picha na sauti tu, kingine chochote kiachwe. `-map_metadata -1` inasema usihamishe maelezo yoyote ya faili la zamani. `-c copy` inasema usiibane video upya, inakili kama ilivyo. Kwa sababu ya hiyo ya mwisho, kazi huisha kwa sekunde chache na ung'avu haupungui hata chembe. Ukiona simu inapata moto, inachukua dakika nyingi, na faili jipya limekuwa dogo kuliko la zamani kwa kiasi kikubwa, ujue umesahau `-c copy`. Ikigoma na kusema `matches no streams`, huenda video haina sauti: ondoa `-map 0:a:0` urudie.

Angalia pia jina la faili. Jina `VID_20250614_091233` linataja tarehe na saa, na hakuna amri ya kufuta metadata itakayoligusa. Ndiyo maana nimelipa faili jipya jina lingine, `dagaa.mp4`.

Halafu rudia ffprobe kwenye faili jipya. Mistari ya `location`, `creation_time` na `com.android.version` iwe haipo. Utabaki na `encoder` lenye neno `Lavf`, ambalo linasema tu kwamba faili lilipitia ffmpeg. Lisikutishe, halisemi wewe ni nani wala uko wapi.

Sharti moja ambalo watu hulipuuza: kipimo lazima kwanza kikuonyeshe mahali kwenye faili la asili. Programu ambayo haikuona kitu kwenye video unayojua ina mahali, ukimya wake kwenye nakala hauthibitishi lolote. Ndiyo maana nasoma kabla na baada, kwa kifaa kile kile.

Ya pili: exiftool

Nayo ni ya bure, na kwa kusoma naipenda kuliko ffprobe kwa sababu inaandika kwa uwazi, kwa digrii na dakika, pamoja na modeli ya simu. Kufuta ni amri fupi:

```
pkg install exiftool
exiftool -all= VID_20250614_091233.mp4
```

Nimeiweka ya pili kwa sababu mbili. Saa ya kurekodi iliyo ndani ya kiini cha faili haiiondoi, unabaki nayo. Pili, inaacha nakala ya zamani pembeni yenye jina `VID_20250614_091233.mp4_original`, ikiwa na mahali pote kama palivyokuwa. Ni nia njema, usipoteze video yako, lakini ukituma folda nzima, au ukikosea ukachagua hiyo, umerudi pale pale. Ukiwa na hakika na nakala safi, futa hiyo ya zamani.

Kwa wanaopiga ziwa kwa droni au kamera za kuvaa, exiftool peke yake haitoshi. Baadhi ya vifaa hivyo huandika mahali sekunde kwa sekunde katika mkondo wake wa pembeni, sambamba na picha na sauti, na mkondo huo hubaki. Hapo `-map` mbili za ffmpeg ndizo zinazouacha nje.

Ya tatu: mipangilio ya simu yenyewe

Kama Termux inakutisha, anzia hapa leo hii. Kwenye Android fungua kamera, ingia mipangilio yake, tafuta `Location tags` au `Save location`, uzime. Kwenye Aifoni ni `Settings`, `Privacy & Security`, `Location Services`, `Camera`, kisha `Never`. Aifoni ina jambo lingine zuri: unapotaka kushiriki video kutoka kwenye picha zako, juu kuna `Options`, ndani yake unazima `Location` kwa nakala ile tu.

Udhaifu wake ni huu. Kuzima leo hakugusi video za jana. Tena kinachoondoka ni mahali tu; kampuni, modeli na saa vinaendelea kuandikwa. Kwa mama anayeuza dagaa huenda hilo si tatizo. Kwa kijana aliyerekodi uvuvi haramu kule visiwani na hataki ijulikane simu iliyorekodi ni ya nani, ni tatizo kubwa, na yeye namrudisha kwenye namba moja.

Ya nne: kujitumia WhatsApp

Jitumie video kama video ya kawaida, kisha hifadhi nakala iliyofika. WhatsApp huibana upya na mahali hupotea njiani. Ni njia ya dharura inayofaa kweli ukiwa kwenye kivuko cha Kamanga na mteja anasubiri. Gharama yake ni ung'avu, na kwa dagaa ung'avu ndio biashara, kwa sababu mnunuzi anataka kuona kama wana mchanga. Usiitume kama dokumenti, maana dokumenti hufika kama ilivyo, na hilo ndilo lililomponza yule dada. Vivyo hivyo ukitoa linki ya faili lililo kwenye hifadhi ya mtandaoni: anayepakua anapata kila kitu.

Ya mwisho: aplikesheni za kulipia na tovuti za kufuta

Hapa sitoi hela yangu. Nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya picha na video huzigusa nusu nusu. Kama lazima uchukue moja kwa sababu unataka kitufe, ijaribu kwanza ukiwa umezima data na waifai. Ikigoma kufuta bila mtandao, huenda video yako inasafirishwa kwenda seva ya mtu, pamoja na mahali ulipotaka kupaficha. Tovuti za kupandisha faili zote ziko hivyo kwa asili yake, na juu ya hapo zinakula bando mara mbili, kupandisha na kushusha.

Kuna wanaosema mitandao mikubwa huondoa mahali yenyewe, kwa nini kuhangaika. Ni kweli kwamba anayepakua video kutoka mingi ya mitandao hiyo hapati mahali. Ila mara nyingi kampuni yenyewe imepokea faili lako likiwa zima kabla ya kuondoa.

Na ffmpeg haifuti kilicho ndani ya picha. Mlima wa Bugando ukionekana nyuma ya uzio, au kibao cha mtaa, mwenyeji atajua uko wapi bila namba yoyote. Yule dada sasa anapiga akielekeza kamera chini, kwenye chekeche.

Video ya mwanzo aliifuta kundini kwa wote siku ile ile. Waliokuwa wameshaipakua bado wanayo, na hakuna programu ya bei yoyote itakayoirudisha, kwa hiyo mauzo ya ana kwa ana ameyahamishia Mwaloni na getini kwake hauzi tena.