Uzoefu wangu: nililipia mbingu nikaletewa ngazi na miraba

Nina hasira, na sitaificha. Majuzi nilipeleka picha kwenye studio moja ya kuhariri hapa Mombasa, studio inayosifiwa na wapiga picha wengi wa harusi. Ilikuwa jahazi nililolipiga Shela, Lamu, jua likiwa limeshazama: baharini bado rangi ya chungwa, juu buluu iliyokolea, na kati ya hizo mbili rangi zinapokezana pole pole bila wingu hata moja. Mteja, mwenye nyumba ya wageni, aliitaka kwenye turubai kubwa ya ukutani. Kazi zilikuwa zimenibana, nikawapa faili ya RAW, yaani data ghafi ya kamera kabla haijabanwa, na maelezo: mbingu iwe na nguvu zaidi, jahazi lisiguswe sana.

Walichonirudishia, nusu ya chini ni kazi safi. Tanga linaonekana uzi kwa uzi, maji yana kina. Juu ya hapo, badala ya rangi inayofifia, mna matabaka. Buluu, kisha ukingo, kisha buluu nyingine, kisha ukingo tena, hadi mwisho wa picha. Ukisogea karibu, ndani ya matabaka hayo mna vimraba, kama sakafu ya vigae.

Nikaenda nao ana kwa ana. Kijana wa mezani hata faili hakufungua. "Dada, hiyo ni skrini yako. Wateja wengine hawalalamiki." Nikamwambia nimeitazama kwenye skrini mbili. Akasema, "Basi ni kamera," akamgeukia mteja aliyesimama nyuma yangu. Mimi nimesimama na bahasha ya risiti mkononi!

Kamera? Tuone basi. Nilirudi nyumbani nikaikuza picha hadi asilimia 400 na kuhesabu pikseli za kila mraba. JPEG hubana picha kwa kuikata vipande vya pikseli 8 kwa 8, na kila kipande hufupishwa peke yake. Palipo na majani au mawe huoni kitu. Kwenye mbingu laini, mabadiliko madogo ya rangi ndiyo ya kwanza kutupwa, kila kipande hubaki karibu rangi moja, na mipaka hujitokeza. Kwa hiyo miraba ya kawaida ina upana wa 8, au 16 pale rangi zilipopunguzwa zaidi kuliko mwanga. Yangu ilikuwa na upana wa 12. Faili waliyonipa ina upana wa pikseli 6000. Gawa 12 kwa 8 unapata moja na nusu, na 6000 kwa moja na nusu ni 4000. Yaani mtu alichukua JPEG ndogo ya upana wa 4000, akaihariri, kisha akaivuta ifikie kipimo nilichoagiza. RAW yangu haikutumika. Kamera haina hatia, na skrini yangu pia.

Matabaka nayo yana maelezo yake. JPEG ina biti 8, yaani viwango 256 kwa kila rangi, wakati RAW ya kamera yangu ina biti 14, viwango 16,384. Katika JPEG, nyekundu ya mbingu ile, tuseme, inapanda kutoka 90 hadi 130. Ni hatua 40 tu za kujaza pikseli 2400 za kimo, kila hatua pikseli 60. Ikiachwa hivyo, jicho halioni. Lakini ukivuta kevu, mstari wa kurekebisha mwanga na rangi, ili 90 iwe 60 na 130 iwe 180, hatua ni zile zile 40, ila sasa kila moja inaruka viwango 3. Hapo jicho linaona, tena lina tabia ya kuukoleza ukingo wowote ulionyooka. Ukifungua histogramu, grafu ya idadi ya pikseli kwa kila kiwango, mara nyingi utaona mianya mitupu kati ya nguzo, na hiyo ni dalili nzuri. Dalili ya uongo ni matabaka yanayoonekana ukiwa umepunguza mwonekano na kutoweka ukifika asilimia 100: hayo mara nyingi ni ya programu inapokuonyesha kwa haraka, hayamo kwenye faili.

Sasa, tanga lao lilikuwa zuri kuliko ningelifanya mimi, na sikutaka kulipoteza. Nikaitengeneza mbingu peke yake, kwa GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha. Kwanza Image > Precision, 16 bit integer. Hilo halirudishi kilichopotea, lakini linatoa nafasi ya viwango vya kati kuzaliwa. Ukififisha kwa Blur ndani ya biti 8, matokeo hulazimishwa kurudi kwenye ngazi zile zile. Kisha nikarudufu leya, na kwenye nakala nikalifuta jahazi lote pamoja na mstari wa bahari kwa kuvuta mbingu juu yake kwa zana ya Clone. Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo maana mbingu zao huwa na kivuli cheusi kuzunguka mlingoti: ufifishaji huchota weusi wa tanga na kuumwaga hewani. Nakala ikishakuwa mbingu tupu, Gaussian Blur, saizi 40 pande zote mbili. Ikiwa ndogo mno kwa ngazi za pikseli 60, ngazi zinalainika kingo tu, hazifutiki. Halafu maski, nikalirudisha jahazi kwa brashi laini. Kwenye kamba nyembamba nilikaa muda mrefu, na bado ukichungulia sana utaona mabaki. Kama mbingu ingekuwa na mawingu, njia hii isingefaa kabisa, kwa sababu yangeyeyuka yote.

Mbingu iliyolainishwa hivyo bado haijapona. Ukiitoa kwa biti 8 matabaka membamba yanarudi. Dawa ni chenga, vidoa vidogo vya nasibu: Filters > Noise > RGB Noise, Independent RGB ikiwa imezimwa ili chenga zisiwe na rangi rangi, kiasi 0.02 kwa kuanzia. Chenga huvuruga ukingo wa kila hatua, jicho likapata wastani na kuona mteremko. Unaongeza mpaka kingo zipotee kwa asilimia 100 na kuishia hapo, kabla mbingu haijawa mchanga. Mwisho, ukihifadhi JPEG, Quality 95 na Subsampling 4:4:4, yaani rangi zisipunguzwe kuliko mwanga. Ukibana chini sana, chenga ndizo zinazotupwa kwanza na miraba inarudi. Na ukimtumia mteja kwa simu, tuma kama dokumenti, kwa sababu ikienda kama picha itabanwa upya na kazi yote imekwenda.

Turubai limechapishwa, limetoka safi. Nilitaka kuwapa studio ile nyota mbili kwa ajili ya tanga, maana fundi aliyelishika anaijua kazi yake na pengine hata hakuwahi kuiona RAW yangu. Lakini nikikumbuka "wateja wengine hawalalamiki", na kwamba nililipia faili kubwa nikapewa ndogo iliyovutwa, mbili naona nyingi. Moja. Picha za sura za watu ningewapelekea hata kesho, kwa sharti nikabidhiwe TIFF ya biti 16 na si JPEG. Mbingu, hapana. Na pesa yangu ya kazi ile nimeidai kwa maandishi, hesabu ya 12 gawa kwa 8 ikiwa juu kabisa ya barua.